Makala Yako Inaongeza Nini, na Utarudi na Nini?

Ndugu wanafunzi, leo tutazungumzia ukurasa mmoja tu wa ombi la ruzuku ya safari ya kongamano: ule unaoeleza mchango wa makala na faida ya safari. Wengi hubandika pale ikisiri ya makala. Ikisiri husema ulichofanya, ilhali mtoa ruzuku anataka kujua ni kitu gani hakikujulikana kabla yako.

Tuchukue mfano wa kubuni: makala kuhusu sumukuvu kwenye mahindi. Mwombaji anaandika, "Makala yangu inachangia mapambano dhidi ya sumukuvu." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na yeyote. Sasa tuijaze. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu aina ya aflatoksini, jumla yake, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Tatizo ni kwamba sumu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Ukichota konzi moja juu ya gunia, unaweza kuzikosa kabisa, na mzigo mbovu ukapita. Basi aandike hivi: "Makala inalinganisha konzi ya juu na sampuli iliyochotwa kwa bambo juu, katikati na chini ya gunia, ikachanganywa na kusagwa yote kabla ya kupimwa, na inaonyesha matokeo yanatofautiana kwa kiasi gani." Hapo msomaji asiye mkemia naye ameelewa, na tofauti itajwe kwa tarakimu zilizomo kwenye makala, si kwa neno "kubwa".

Halafu taja mpaka wa kazi yako. Waombaji huuficha wakidhani utawaangusha, kumbe ndio unaobeba nusu ya pili ya maelezo. Tuseme vipimo vilifanyika kwenye magunia tu, si kwenye mahindi yaliyomwagwa wazi ndani ya lori. Hilo ndilo la kufuata kongamanoni: angalia ratiba, taja kikao cha uchotaji sampuli, na swali utakalouliza.

Kuhusu utakachofanya ukirudi, "nitasambaza ujuzi" haipimiki. Andika: "Ndani ya wiki sita baada ya kurudi nitaandaa mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili, na kuwafundisha kwa vitendo mafundi wa maabara yetu na wapokeaji mahindi wa ghala tunaloshirikiana nalo." Msimamizi wa maabara akubali kwa maandishi kabla hujaahidi. Usiahidi kubadilisha sera ya taifa. Anayesoma anajua tiketi ya ndege haifiki huko.

Mwisho, sema kama utawasilisha kwa bango au kwa kuzungumza, na uambatishe barua ya kukubaliwa. Kama haijatoka, andika kwamba makala bado inapitiwa, na utaje tarehe ya majibu iliyotangazwa. Kuandika "imekubaliwa" mapema kunatosha kufuta ombi zima.