Unahama na PS4? Diski itoke kwanza

Mambo vipi ndugu zangu wa Dar. Huku Leeds ni usiku na baridi kali, lakini nimewasha kamera kwa sababu mdogo wangu anahama Jumamosi. Anatoka Sinza anakwenda Chanika, na ile PS4 niliyomwachia inapanda kirikuu. Nimeshamwambia kwenye simu, na nyie nawaambia: diski itoke kwanza.

Mimi niliwahi kuhama nayo ikiwa ndani. Kufika Mbagala nawasha, nasikia inakwaruza, gemu haisomi. Nikaweka diski nyingine, ikasoma. Hapo nikajua mashine ni nzima, diski ndiyo imekufa. Kuigeuza, ina mkwaruzo wa duara.

Mle ndani diski imeshikwa katikati tu, kwenye kile kitundu chake. Gari likiruka tuta, inaweza kuchomoka na kusuguana na vyuma. Na mkwaruzo wa duara ni mbaya kuliko ule unaotoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu unafuata njia ileile ya data na kuharibu kipande kirefu mfululizo. Watu wakaniambia nisugue na dawa ya meno. Jamani, msifanye hivyo! CD ya muziki ina plastiki ya kama milimita 1.2 juu ya data, hiyo unaweza kuisugua. Diski ya PS4 ni Blu-ray, data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso. Ukisugua, unaila data yenyewe.

Kwa hiyo toa diski umeme ukiwepo, irudishe kwenye kasha lake. Halafu chagua `Turn Off PS4`, siyo `Enter Rest Mode`. Taa ikibaki ya rangi ya chungwa, bado imelala tu; usichomoe. Subiri taa izimike kabisa.

Nyaya sasa. Kabla hujagusa kitu, piga picha ya nyuma ya tivii. Waya wa HDMI wa gemu na wa king'amuzi vinafanana kama mapacha, kwa hiyo zungushia kila waya kipande cha selotepu ya karatasi, ncha zote mbili, uandike: "PS4" huku, "PS4 kwenye tivii" kule. Ncha moja haitoshi, maana ukishapenyeza waya nyuma ya kabati unaona ncha moja tu. Na zote zichomolewe. Waya ukiachwa umechomekwa, kitu kikiuegemea kinakunja tundu la HDMI, na kulibadilisha ni kazi ya kulehemu.

Kama huna boksi lake, ifunge na taulo nene, ilaze kati ya magodoro, kitu kizito kisikae juu yake. Padi weka kwenye begi lako.

Mdogo wangu, ukifika Chanika nipigie video kabla hujachomeka. Nataka kuziona hizo selotepu.