Kuchekecha udongo ndani ya maji, na namba ya MWD inavyosomwa

Habari za asubuhi, ndugu zangu maafisa ugani wa Moshi, na nyinyi wa maabara mliopanda basi alfajiri kutoka Arusha. Karibuni.

Leo tunashughulika na jambo moja tu. Mtu anawaletea ripoti imeandikwa MWD, yaani wastani wa kipenyo cha vibonge vinavyobaki baada ya kuchekechwa majini, ni milimita 0.81, na anauliza kama udongo wake ni imara. Kwa namba hiyo peke yake hatuwezi kumjibu. Inabidi kwanza tujue vibonge vya udongo vililoweshwaje kabla ya kuchekechwa.

Kibonge kikavu kina matundu yaliyojaa hewa. Ukikitumbukiza majini ghafla, maji yanaingia kutoka pande zote na hewa inakosa pa kutokea. Inabanwa katikati, shinikizo linapanda, na kibonge kinapasuka kutoka ndani. Mkichungulia beseni kwa makini mtaona viputo vikitoka, kisha kipande kinabomoka hata kabla chekeche halijatikiswa. Kibonge hicho hicho kikinyweshwa polepole kutoka chini, hewa inatoka taratibu na kinaweza kubaki kizima. Ndiyo maana udongo mmoja lazima upimwe kwa njia zote mbili.

Sampuli ichukuliwe udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Upasue kwa vidole pale unapopasuka wenyewe, hadi wote upite chekeche la milimita 8. Usitwange wala kusaga, maana hapo utakuwa unapima nguvu ya mchi. Toa mizizi na majani. Anika kivulini mpaka ukauke. Tanuri la nyuzi 105 si la sampuli ya kuchekecha. Kwa udongo wetu wa volkano kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hili ni la kuzingatia zaidi. Madini yake yakikaushwa kupita kiasi yanashikamana na hayarudi yalivyokuwa, na MWD inapanda bila shamba kubadilika. Sampuli za kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa, ni vizuri kupima na sehemu nyingine ikiwa bado na unyevu wake wa shambani.

Pima gramu 50, kwa hesabu ya uzito mkavu. Kwa njia ya ghafla, weka udongo juu ya chekeche la milimita 2 lililozama tayari, uache dakika 5. Kisha pandisha na kushusha chekeche kwa sentimita 3, mara 50 ndani ya dakika 2. Kilichopita kinahamia chekeche la milimita 0.25, halafu la 0.053, kwa mwendo ule ule. Kila kilichobaki juu ya chekeche kioshee kwenye kopo, sasa ndipo ukaushe kwa nyuzi 105 na upime. Kwa njia ya polepole, tandaza vibonge juu ya karatasi ya chujio iliyowekwa kwenye sponji lenye maji. Subiri vyote vibadilike rangi hadi juu, ndipo uvizamishe na kuchekecha kama mwanzo.

Maji yawe yaliyokenekwa. Hapa nawaomba sana wenzetu wa Arusha: maji mengi ya visima na chemchemi za kuzunguka Meru yana sodiamu na bikaboneti nyingi, mbali na ile floraidi tunayoilalamikia kila siku. Sodiamu inatawanya mfinyanzi, kwa hiyo udongo mzuri utaonekana dhaifu. Maji yenye kalsiamu nyingi yanafanya kinyume chake.

Sasa hesabu. Kila kundi la ukubwa lina kipenyo chake cha kati. Kati ya milimita 2 na 8 ni 5, kati ya 0.25 na 2 ni 1.125, kati ya 0.053 na 0.25 ni 0.15, na chini ya hapo ni 0.027. Unazidisha kipenyo hicho kwa sehemu ya uzito iliyopatikana katika kundi hilo, kisha unajumlisha:

```
MWD = Σ (xi × wi)
```

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu: shamba la mahindi la tambarare, linalolimwa kwa trekta kila mwaka. Kwa njia ya ghafla tumepata gramu 4, 15, 22, na zilizopita mwisho ni 9. Sehemu zake ni 0.08, 0.30, 0.44 na 0.18, na MWD inatoka 0.81. Angalieni mlivyopata hiyo namba. Zile gramu 4 peke yake zimeleta 0.40, karibu nusu ya jibu lote, kwa sababu zinazidishwa kwa 5. Kipimo hiki kinatawaliwa na kundi la juu, na kosa dogo huko ni kosa kubwa kwenye jibu.

Kwa hiyo tuzifungue hizo gramu 4. Tuzitikise katika mmumunyo wa sodiamu heksametafosfeti, gramu 5 kwa lita, kisha tuzirudishe kwenye chekeche lile lile. Tuseme zimebaki gramu 3 za changarawe. Hizo hazikuwa vibonge kamwe, ni mawe. Kundi la pili lina mchanga gramu 6, la tatu gramu 8. Tunatoa mchanga kwenye kila kundi na kwenye jumla pia, hapa ndipo wengi wanapokosea. Zinabaki gramu 1, 9, 14 na 9, jumla 33, na MWD inashuka hadi 0.53. Ripoti isiyosema kama mchanga umetolewa, irudisheni kwa mwenyewe.

Tuendelee na namba za kabla ya kutoa mchanga, ili kulinganisha kuwe sawa. Mahindi yale yale kwa njia ya polepole: gramu 24, 15, 8 na 3, MWD ni 2.76. Udongo wa kihamba, chini ya migomba na kahawa, kwa njia ya ghafla: gramu 27, 14, 6 na 3, yaani 3.03. Kwa polepole: 30, 13, 5 na 2, yaani 3.31. Mtu aliyepima kwa polepole tu angesema mashamba haya yanakaribiana. Pengo ndilo linaloonyesha tofauti: kihamba kimepoteza 0.28, mahindi yamepoteza 1.95. Udongo wa mahindi una mshikamano, lakini hauhimili maji ya ghafla. Mvua ya kwanza ya masika ikiukuta mkavu na wazi, vibonge vinapasuka na ukoko unatanda. Hapo mabua yakiachwa juu ya ardhi yanasaidia moja kwa moja, kwa sababu udongo unabaki na unyevu na maji yanaingia taratibu.

Msichukue viwango vya njia nyingine mkavibandika hapa. Mtafiti Le Bissonnais mwaka 1996 aliita udongo imara sana ukipita milimita 2, lakini alianza na vibonge vya milimita 3 hadi 5. Sisi tumeanza na hadi 8, na MWD ya juu kabisa tunayoweza kupata ni 5.

Kuna hali ya tatu, ambapo njia zote mbili zinatoa namba ndogo. Hapo tatizo si hewa. Tumbukiza kibonge kimoja kwenye glasi ya maji yaliyokenekwa, usikitikise. Kikizungukwa na wingu jeupe kama maziwa baada ya saa chache, mfinyanzi unatawanyika wenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni sodiamu, hasa kwenye tambarare zinazomwagiliwa. Sampuli hiyo ipelekwe ipimwe sodiamu na chumvi kabla mtu hajanunua jasi.