Kaseti iliyorekodiwa na betri zinazokufa: nyoosha mwendo kwanza, shhh baadaye

Haya, kabla sijasema lolote, sikilizeni hii. Ni dakika ya kwanza ya kanda. Mzee anasimulia, sauti nzito, ametulia kabisa. Sasa naruka mpaka dakika ya 28... mmesikia? Mzee yuleyule, kikao kilekile, kawa kasuku mwenye haraka.

Deki yangu iko sawa, nimeipima. Tatizo lilikuwa kwenye redio kaseti iliyorekodi. Ilikuwa ya betri, na betri zilivyozidi kuisha, mota ikawa inavuta kanda polepole, maneno yakaandikwa yamebanana. Leo ukiipiga kwa mwendo kamili, sentimita 4.76 kwa sekunde, maneno yanapita mbio na sauti inapanda. Wengi hudhani betri mbovu zingefanya sauti iwe nzito. Hiyo ni betri mbovu wakati wa kusikiliza. Wakati wa kurekodi ni kinyume.

Kuingiza kanda kwenye kompyuta sitapoteza muda: safisha hedi, chomeka kebo, rekodi kwa 48000, biti 24. Nimefungua faili kwenye programu ya Audacity. Twende.

Sasa onyo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Usianze na shhh, ile kelele ya kanda yenyewe. Najua mkono unawasha, kwa sababu ndiyo inayokera sikio. Usiiguse! Chini ya shhh kuna mvumo mwingine, mzito, wa umeme, na huo mvumo ndio rula yetu. Ukipitisha kifaa cha kupunguza kelele kwanza, kinaufuta pamoja na shhh, na rula imekwenda. Mimi nilifanya hivyo kwa kanda ya mteja, nikahifadhi juu ya faili la kwanza, halafu nikarudi kumwomba kanda tena. Sura yake sitaki kuikumbuka.

Mtauliza, redio ilikuwa ya betri, mvumo wa umeme umetoka wapi? Chumbani kulikuwa na taa ya tyubu, zile zenye choki inayonguruma. Kwenye umeme wa hezi 50, choki hunguruma kwa 100, mara mbili yake. Kanda yako ikiwa imerekodiwa penye umeme wa hezi 60, wewe tafuta 120. Maikrofoni ilidaka mngurumo huo mwanzo mpaka mwisho bila mtu kukusudia. Taa haikuchoka, redio ndiyo iliyochoka. Kwa hiyo popote ambapo mngurumo hausomi 100, tunajua mwendo umekosea kwa kiasi gani.

Bonyeza jina la wimbo hapa, chagua Spectrogram. Kwenye mipangilio yake, mwisho wa juu weka 300, hatuhitaji zaidi. Na sasa mnaona... hamwoni kitu. Ukungu tu. Ngoja. Ah, Window Size imebaki 2048, kosa langu. Weka 32768. Subiri ichore... Hapo! Sogeza kamera, sogeza. Mnaona mstari unaoanza 100 na kupanda taratibu kama kilima? Hiyo ndiyo historia ya betri zile.

Lakini angalieni na huu wa pili, kwenye 50, umelala wima... samahani, umelala bapa, haupandi wala haushuki. Huo ni wa deki yangu mwenyewe na kebo zake. Umeingia leo, haumo kwenye kanda. Ukiupima huo utaambiwa kanda ni nzima, utalala usingizi mzuri na mzee atabaki kasuku. Kama huna hakika, rekodi dakika moja deki ikiwa imewashwa bila kanda. Mstari utakaoonekana hapo ni wa kwako.

Tupime. Chagua sekunde kama 10 pale mzee anaponyamaza, nenda Analyze, kisha Plot Spectrum, Size weka 65536. Peleka kishale juu ya kilele, soma palipoandikwa Peak. Mwanzoni nasoma 100. Dakika ya 12, 102. Dakika ya 22, 105. Dakika ya 28, 108. Nikitaka uhakika naangalia na kilele cha juu yake: pale 108 lazima kuwe na kingine karibu na 216. Kipo. Vizuri.

Hesabu ni ndogo ila ina mtego. 108 si kupunguza 8. Unagawa 100 kwa 108, unapata asilimia 92.6. Ukiweka 92 mvumo utashuka mpaka 99.4 na mzee atazidi uzito. Kwa hiyo tuna 100, halafu 98, halafu 95.2, halafu 92.6.

Nenda Tracks, Add New, Time Track, ule mstari wa kubadili mwendo kwa asilimia. Range acha 90 mpaka 110. Chukua Envelope Tool, bonyeza kwenye mstari dakika ya 0, ya 12, ya 22, ya 28, na kila kitone ukishushe kwenye namba yake. Hapa ni jicho na mkono mwepesi, hakuna mahali pa kuandika namba, kwa hiyo vuta picha karibu. Betri zikikaribia kufa huanguka haraka, ndiyo maana mimi huongeza vitone viwili vitatu kwenye dakika za mwisho. Mwanzoni kimoja kinatosha.

Kisha Mix and Render to New Track, halafu ondoa Time Track isije ikavuta mwendo mara ya pili, na wimbo wa kwanza ubonyeze Mute. Faili la kwanza libaki, usilifute. Nimesema usilifute! Fungua tena Spectrogram ya mpya... tazameni kilima kimekuwa barabara. Dakika 28 zimekuwa karibu 29, ndivyo inavyotakiwa. Ila ule mstari wa deki yangu, uliokuwa bapa, sasa unashuka. Usishtuke, tumeupinda wenyewe.

Sasa, na ni sasa tu, shhh. Chagua sekunde moja ya kimya katikati ya sentensi mbili. Usichukue ule mwanzo kabisa wa kanda, ile plastiki isiyo na unga wa sumaku. Haina shhh ya kanda, utakuwa unaifundisha programu kelele isiyokuwepo. Noise Reduction, Get Noise Profile. Chagua faili zima, rudi, weka desibeli 9, Sensitivity 4. Mimi sipandi zaidi ya 12 hata kidogo. Kanda isiyo na shhh kabisa husikika kama mtu anaongea ndani ya tangi.

Kabla ya kukubali, chagua Residue na usikilize kile kinachotolewa. Inatakiwa shhh tupu. Ukisikia s na f za mzee zinapita humo, umemkata maneno, rudisha Sensitivity chini. Ukisikia maji yanabubujika baada ya kukubali, hilo ni kosa jingine, umevuta desibeli nyingi.

Na mngurumo wa taa? Umeshafanya kazi yake. Kwa kuwa umenyooka kwenye 100, Notch Filter inaukata: Frequency 100, Q 20, kisha nyingine kwenye 200 kwa kile kilele cha juu yake. Ungekuwa bado unapanda kilima ungetakiwa kukata upana wote kuanzia 100 mpaka 108, na sauti ya mwanamume inaishi hapohapo.

Haya, dakika ya mwisho tena, hedifoni masikioni. Huyo hapo. Mzee yuleyule wa dakika ya kwanza, na anakohoa kwa uzito wake.