Nyongeza ya Julai Imeishia Wapi?

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumze nanyi watumishi wa Mbeya kuhusu mshahara unaopanda huku akiba ikikaa palepale. Nitatumia mfano mmoja tu, wa mwalimu wa sekondari anayeishi Uyole.

Julai 2023 mshahara wake wa msingi ulipanda kutoka 820,000 hadi 920,000. Usiandike kwamba ameongezewa laki moja. Toa PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, bodi ya mikopo asilimia 15, na kodi, ambayo kwa kiwango chake hukata robo ya kilichobaki baada ya PSSSF. Mkononi imefika 53,000 hivi, na hiyo ndiyo nyongeza tunayoipima.

Sasa matumizi. Chukua wastani wa Agosti hadi Oktoba, kila mwaka miezi hiyohiyo. Januari ina ada, na mvua zikianza huku kwetu hela inakwenda kwenye mbolea. Ukichanganya miezi hiyo, hesabu itakudanganya. Mwalimu wetu alitoka 510,000 akafika 550,000. Yameongezeka 40,000, lakini mfumuko wa bei wa 2023 ulikuwa asilimia 3.8, kwa hiyo kama 19,000 ni bei tu zilizopanda. Zinabaki 21,000. Gawanya kwa 53,000: maisha yamekula asilimia 40 ya nyongeza. Hapo sina ugomvi naye.

Mwaka 2024 akapanda daraja, mkononi ikaongezeka 90,000. Akahama chumba cha Uyole, akapanga nyumba Forest. Matumizi yakafika 645,000. Ukitoa mfumuko wa asilimia 3.1, maisha yamekula 78,000 kati ya zile 90,000, yaani asilimia 87.

Mwaka 2025, tuseme hakupata kitu. Matumizi yakafika 690,000 hata hivyo, maana nyumba kubwa ilidai pazia, umeme zaidi, na bajaji za kwenda kazini. Hapa hakuna nyongeza ya kugawanyia, basi tazameni kinachobaki mwisho wa mwezi: kabla ya yote kilikuwa 49,000, kikawa 62,000, kikawa 57,000, sasa ni 12,000. Mkononi imepanda 143,000 katika muda huohuo! Hili linaniuma, kwa sababu sofa ukinunua imekwisha, ila kodi ya nyumba inarudi kila mwezi, hata mwaka ambao mshahara haukusogea.

Angalieni pia makato ya mkopo wa benki. Ukikopa pikipiki, rejesho linakatwa kabla hujaiona hela, na nyongeza itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Lirudisheni rejesho hilo kwenye mkononi, kisha mliandike upande wa matumizi.

Na mtoto aliyezaliwa, au mzazi aliyeletwa kutibiwa hospitali ya rufaa, muwaandike kwenye mstari wao peke yao. Hao ni wajibu, msiwahesabu pamoja na Forest.