Wiki ya Printa: Kiraka Kilipokuja Nje ya Ratiba

Habari za jioni, wenzangu. Nashukuru kuona wengi wenu mmefika licha ya msongamano wa magari. Jioni ya leo nitazungumza juu ya wiki mbili tu, tangu tarehe 29 Juni hadi 13 Julai 2021. Wakati huo nilikuwa kwenye timu ya watu wanne tuliotunza mitambo ya kampuni moja ya usambazaji pale Industrial Area. Tulikuwa na kompyuta zipatazo 300, seva mbili za domeni, seva moja ya printa, na kompyuta 14 za ghalani zilizochapisha lebo za mizigo.

Utaratibu wetu wa kila mwezi mnaujua, maana nadhani wengi wenu mnaufuata. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa saa zetu za hapa huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Sisi tulivijaribu wiki ya kwanza kwenye kompyuta chache, wiki ya pili tukavipeleka ofisini, kisha seva tukaziachia Jumamosi usiku. Ratiba hii ilitupa nafasi ya kujaribu, na pia iliwapa watu wa ghala na wa hesabu uhakika kwamba hatutawazimia mitambo katikati ya kazi. Siidharau hata leo.

Sasa tazameni kilichotokea. Tarehe 8 Juni kilitoka kiraka cha kawaida cha kasoro ya huduma ya uchapishaji, CVE-2021-1675. Tarehe 29 watafiti fulani waliweka hadharani msimbo wa kushambulia huduma hiyo, wakiamini kasoro yenyewe imeshazibwa. Waliuondoa upesi, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kuenea, na ikadhihirika kuwa msimbo ule ulifanya kazi hata kwenye seva zilizowekewa kiraka cha Juni. Alhamisi tarehe 1 Julai Microsoft ikaupa udhaifu huo namba yake, CVE-2021-34527. Watu wakauita PrintNightmare. Kiraka hakikuwapo.

Ukifuata ratiba yetu, kiraka cha Jumanne ya tarehe 13 Julai kingezifikia seva usiku wa Jumamosi ya tarehe 24, yaani siku 25 baada ya msimbo kuvuja.

Asubuhi ile ya Alhamisi mwenzetu mmoja alisema, alama ya hatari iko juu, tuvunje ratiba. Mkuu wetu akamjibu kwa upole kwamba alama za namna hiyo tunaziona karibu kila mwezi na hatuvunji chochote. Nakubaliana naye mpaka leo. Alama inakueleza ukubwa wa kasoro yenyewe, lakini haijui kilichomo nyumbani kwako. Kilichotubadilisha ni mambo mawili yaliyokutana. Kwanza, msimbo ulikuwa mikononi mwa yeyote anayeutaka. Pili, mlango ulikuwa wazi kila mahali: huduma ya Print Spooler huwashwa yenyewe kwenye Windows, hata kwenye seva za domeni, na huendeshwa kwa mamlaka ya SYSTEM. Mshambuliaji alihitaji akaunti moja tu ya kawaida ya domeni. Akiwa na nywila ya karani mmoja aliyenaswa kwa barua pepe ya uongo, angeweza kuiambia seva ya domeni ipakie dereva ya printa aliyoitengeneza yeye, na seva ingeiendesha kwa mamlaka yake kamili. Ukishika seva ya domeni umeshika kampuni nzima.

Basi swali letu likawa hili: mlango huu unafungika bila kiraka? Na hapo ndipo niliposhika jambo ambalo sijaliacha. Hukumu ya kuvunja utaratibu haitolewi mara moja kwa mitambo yote. Unaipitia mashine kwa kazi yake.

Tulianza na seva za domeni. Nani anachapisha kupitia seva ya domeni? Kwetu hakuna. Huduma ile ilikuwa ikikaa pale bure. Tukaizima mchana ule ule wa Alhamisi, bila kusubiri usiku:

```
Stop-Service -Name Spooler -Force
Set-Service -Name Spooler -StartupType Disabled
```

Hasara yake tuliiandika: seva ya domeni isiyo na Spooler haiwezi tena kufuta kwenye orodha ya domeni printa zilizokwisha kufa. Tungezifuta kwa mkono.

Kompyuta za wafanyakazi nazo tulizifunga kwa Group Policy, tukizuia Print Spooler kupokea wageni kutoka kwenye mtandao, kisha huduma ikaanzishwa upya, kwa sababu bila kuianzisha upya sera hiyo haishiki. Mtu aliendelea kuchapisha kwenye printa aliyoichomeka, na pia kupitia seva ya printa. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Seva ya printa ndiyo iliyotutesa. Hesabu za nusu mwaka zilikuwa zimefungwa tarehe 30 Juni na zilikuwa zinachapwa, na kila lori linalotoka getini linahitaji karatasi ya mzigo. Ukiizima Spooler pale, malori hayatoki. Ukiizuia isipokee wageni, kazi yake yote ni kupokea wageni. Tukachukua njia ya tatu, iliyokuwa imetangazwa na watafiti wa usalama: kumnyima SYSTEM ruhusa ya kuandika kwenye folda ya `C:\Windows\System32\spool\drivers`. Uchapishaji unaendelea, ila dereva mpya haiingii, iwe ya halali au ya mwizi. Ilikuwa dawa ya muda, nasi tuliiandikia tarehe ya kuondolewa. Nawasihi msisahau tarehe hiyo. Kizuizi kisicho na tarehe ndicho kinachomtesa fundi mwingine mwaka unaofuata, anapohangaika kuweka printa mpya asijue kwa nini inakataa.

Vizuizi hivi ndivyo vilivyotupa utulivu wa kuamua. Jumatano tarehe 7 Julai tulipoamka, kiraka cha dharura kilikuwa kimetoka, wiki moja kabla ya Jumanne ya kawaida. Kumbukeni pia kwamba Nairobi ilikuwa na kafyu, saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa hiyo hakuna fundi angeweza kukesha ghalani seva ikigoma kuwaka. Kila kitu kilipaswa kufanyika mchana, au kwa mbali mtu akiwa nyumbani kwake.

Mkuu wetu aliita kikao cha dakika 20, akiwamo meneja wa ghala. Tulikubaliana kwamba uamuzi ni wake yeye mkuu peke yake, na awe ameutoa kabla ya saa sita mchana. Saa hiyo ilikuwa na maana. Timu isiyotaja nani anaamua na saa ngapi huzungumza mpaka jioni, na kuzungumza huko tayari ni uamuzi wa kusubiri. Akaamua tusiruke hatua yoyote ya ratiba, bali tuifupishe: majaribio ya wiki moja yawe ya muda wa saa nne, kwenye kompyuta tano zilizochaguliwa kwa kazi zake. Moja ilikuwa ya ghalani.

Hiyo moja ndiyo iliyotuokoa. Baada ya kiraka KB5004945 kuingia na kompyuta kuwashwa upya, zile nne zilichapisha vizuri. Ya ghalani ikatoa lebo tupu. Meneja wa ghala aliishika ile lebo mkononi akatutazama tu. Baadaye Microsoft yenyewe ilieleza kwamba baadhi ya printa za lebo na risiti zinazochomekwa kwa USB ziliathirika, lakini mchana ule hatukujua hilo. Tulijua kwamba tungekipeleka kiraka kwenye kompyuta zote 14 kwa pamoja, mizigo ya kesho yake isingekuwa na lebo.

Mkuu akaugawa uamuzi. Kompyuta za ofisini zikapata kiraka siku ile. Za ghalani zikaachwa bila kiraka hadi tarehe 13, zikiwa nyuma ya kile kizuizi cha Group Policy, akaliandika hilo kwa jina lake. Seva ya printa ilikuwa Windows Server 2016, na kiraka chake hakikutoka pamoja na vingine. Kilikuja siku iliyofuata, tukakiweka Alhamisi baada ya lori la mwisho kutoka. Ruhusa za ile folda tukazirudisha kwanza.

Kisha tukakagua, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kuona kiraka kimeingia hakukutosha:

```
Get-HotFix -Id KB5004945
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Printers\PointAndPrint" /v NoWarningNoElevationOnInstall
```

Amri ya kwanza ilijibu vyema kwenye kompyuta zote za ofisini. Ya pili, kwenye kompyuta za idara ya mauzo, ilileta 1. Miaka kadhaa nyuma mtu wa timu yetu aliiweka ili wafanyakazi wasisumbuliwe na onyo wanapounganisha printa, na kwa thamani hiyo kiraka hakikinga. Mlango unabaki wazi huku ripoti ikionyesha kila kitu kiko sawa. Tukairudisha kuwa 0. Ripoti ya viraka haiwezi kukwambia hilo, kwa sababu inahesabu kilichowekwa, haipimi kama kasoro imezibika.

Mwenzetu pale nyuma ameuliza kama kila kiraka cha nje ya ratiba kinastahili haraka hii. La, ndugu yangu. Vingine huja kutengeneza kile kiraka cha kawaida kilichoharibu. Viraka vya tarehe 11 Januari 2022 vilifanya seva za domeni za watu wengine zijiwashe upya tena na tena, na VPN za L2TP zikagoma. Marekebisho yakaja nje ya ratiba tarehe 17. Hapo swali ni je, umeumia? Kama seva zako zimetulia na VPN yako si ya aina hiyo, ratiba yako inatosha. Soma sababu ya kutolewa kwake kabla hujamwamsha mtu.

Jumanne ya tarehe 13 kiraka cha kawaida kilitoka, nacho kilirekebisha zile printa za USB. Tulikijaribu kwanza kwenye ile ile kompyuta ya ghalani. Lebo ikatoka na maandishi. Ghala likarudi kwenye ratiba, na kizuizi cha folda tukakifuta kwenye daftari. Seva za domeni ndizo hatukuzirudisha. Tuliulizana nani amekosa Spooler pale kwa wiki mbili, hakuna aliyejitokeza, na siku niliyoondoka kwenye kampuni ile ilikuwa bado imezimwa.