Rekodi salamu ya voisimeili kwa duka lako: mteja aelewe kabla salio halijamwishia

Karibu mtazamaji. Leo nipo Majengo hapa Dodoma, ndani ya duka la pembejeo la mama mmoja anayeuza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Mvua za kwanza zikinyesha simu yake haipumziki. Lakini yeye yuko kaunta anapima mbegu ya alizeti, mikono ina vumbi la mbolea, na simu iko kwenye droo. Jioni anakuta simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa, na hajui nani alitaka nini. Tunamtengenezea salamu ya voisimeili, yaani ile sauti inayomjibu mteja usipopokea na kumwambia aache ujumbe.

Kabla ya kurekodi chochote, piga namba 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uulize mambo matatu. Je, laini yangu ina voisimeili? Namba ya kisanduku changu ni ipi? Na kusikiliza ujumbe kunagharimu kiasi gani? Usiruke hapa, kwa sababu huduma hii si lazima iwe imewashwa kwenye laini yako. Wakishaiwasha, tengeneza namba ya siri ya kisanduku, na isiwe ile unayotumia kwenye pesa za simu.

Sasa tuongee juu ya mteja, maana hapa ndipo salamu nyingi zinapoharibika. Kisanduku kikishamjibu, kwa mtandao hiyo ni simu iliyopokelewa, hivyo salio lake au dakika zake zinaanza kuliwa. Mtu aliyepiga kutoka Mvumi akiwa na salio la shilingi mia mbili hatasubiri nusu dakika umalize kujisifu. Basi tuangalie mama alichoandika mara ya kwanza. Namwachia asome:

"Habari za wakati huu mpendwa mteja, karibu sana katika duka letu la pembejeo, wauzaji wa mbegu bora za aina zote, mbolea, viuatilifu na vifaa vya kunyunyizia kwa bei ya jumla na rejareja. Kwa sasa hatuwezi kupokea simu yako kutokana na wingi wa wateja. Tafadhali acha ujumbe baada ya mlio nasi tutakupigia haraka iwezekanavyo. Asante na Mungu akubariki."

Ni maneno 57, na mama ameyasoma kwa sekunde 31. Hakuna ubaya katika neno hata moja, ila hesabu nami: lile analotakiwa mteja kulifanya, yaani kuacha ujumbe, linaanza baada ya neno la 43. Wengi watakuwa wamekata.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la kwetu sisi tunaosalimiana. Ukianza na "haloo" au "habari", mteja anadhani ni wewe umepokea. Anajibu "nzuri mama, za huko?" huku rekodi inaendelea kusema, na maneno yako yote yanapotea chini ya sauti yake. Mama alitaka kuanza na "mbukwa", kwa kuwa wateja wake wengi ni Wagogo. Nikampigia mama kwa simu yangu, nikampa jirani yake asikilize. Jirani alijibu "mbukwa" papo hapo, kisha akaanza kueleza shida yake. Salamu inadai jibu, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo kwenye rekodi usianze na salamu. Anza na jina la duka, lile analitambua na linamfanya anyamaze asikilize. Heshima iweke mwishoni. Mama hakuridhika haraka. Aliniambia, "Mwanangu, wataniona sina adabu." Nilimwelewa, na ndiyo maana tumebakisha "asante" kwenye kufunga na tutairekodi kwa sauti ya taratibu yenye uso mkunjufu.

Jambo la tatu ni ule msemo "haraka iwezekanavyo". Haumwambii mkulima chochote. Anataka kujua asubiri au aende duka lingine. Mama akabadilisha, akaandika "nitakupigia leo kabla ya saa kumi na mbili jioni". Nzuri zaidi, lakini fikiria aliyepiga saa mbili usiku. Kwake "leo" imeshaisha, na duka linaonekana linasema uongo. Salamu hii inajibu usiku na mchana, kwa hiyo weka maneno yanayobaki kweli saa yoyote. Nilimuuliza mama huwa anakaa chini saa ngapi. Akasema saa saba akishakula, na saa kumi na moja kabla ya kufunga hesabu. Basi tukataja saa hizo hizo.

Hii ndiyo tuliyofikia:

"Hapa ni Duka la Pembejeo, Majengo, Dodoma. Siko karibu na simu. Ukisikia mlio, taja jina lako, ulipo na unachohitaji. Nawapigia wateja saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, isipokuwa Jumapili. Asante."

Maneno 33, sekunde 18. Ona lile neno "ulipo". Bila hilo, watu husema tu "nataka mbegu". Akisema yuko Bahi au Mvumi, mama anajua kama mzigo utapanda basi au mtu atapita mwenyewe. Wewe mwenye duka la vipuri vya pikipiki badilisha useme "aina ya pikipiki". Fundi cherehani aseme "nguo uliyoleta". Weka swali moja tu lile ambalo jibu lake ungelihitaji kabla ya kumpigia.

Iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Usiisome kwenye skrini ya simu ile ile unayorekodia, maana simu itakuwa sikioni.

Twende tukarekodi. Mbele ya duka hapafai: bodaboda, spika ya jirani, na upepo wa Dodoma unaopiga bati. Tumeingia stoo, katikati ya magunia. Magunia yaliyojaa hunywa mwangwi, ndiyo maana sauti humu haivumi kama kwenye chumba kitupu chenye sakafu ya saruji. Zima feni. Zima na redio, hata kama unapenda muziki mtulivu uwe nyuma ya sauti. Laini ya simu imeundwa kubeba sauti ya mtu anayeongea. Inakata besi na inakata sauti nyembamba za juu, kwa hiyo wimbo mzuri unamfikia mteja kama mkoromo, na unafunika maneno.

Angalia tundu la maikrofoni, kwa kawaida liko chini ya simu. Hapa kwetu vumbi huliziba, na makava mengine hulifunika. Toa kava, pangusa kwa brashi laini iliyo kavu.

Sasa bonyeza na ushikilie namba 1. Kwenye simu nyingi hiyo hupeleka kwenye kisanduku. Isipofanya kazi, piga ile namba uliyopewa na huduma kwa wateja. Sikiliza menyu, chagua sehemu ya kubadilisha salamu, kisha kurekodi salamu yako mwenyewe. Mpangilio wa menyu hutofautiana kati ya mtandao na mtandao, kwa hiyo fuata sauti inavyosema.

Shika simu sikioni kama unavyoongea siku zote. Usiweke spika, usitumie vipokea sauti vya Bluetooth. Sogeza mdomo kidogo pembeni ya maikrofoni, umbali wa vidole viwili. Sababu utaisikia hapa: mama akisema "Pembejeo" mdomo ukiwa mbele kabisa ya maikrofoni, ile "pe" inapuliza na kulipuka. Akigeuza kidogo, inatulia.

Mlio ukisikika, vuta pumzi nusu, ndipo useme. Ukianza pamoja na mlio, "hapa ni" inakatwa. Ukimaliza "asante", bonyeza alama ya reli, #, au kitufe ulichoelekezwa, mara moja. Ukichelewa, mteja atasikia kimya na simu ikigongwa mezani, naye hajui kama mlio umeshapita. Mama amerekodi mara nne. Ya tatu ilikuwa safi ila alikimbia kwenye saa, "saa kumi na moja" ikasikika kama "saa moja". Kosa hilo lingeleta lawama kila jioni. Tamka saa polepole kuliko maneno mengine.

Bado hatujamaliza. Hakikisha simu isiyopokelewa inakwenda kweli kwenye kisanduku. Piga hii kama unavyopiga simu:

```
*#61#
```

Inakuonyesha simu usizopokea zinaelekezwa wapi. Kama hakuna kitu, weka mwenyewe, na mahali pa NAMBA andika namba ya kisanduku:

```
**61*NAMBA**25#
```

Hiyo 25 ni sekunde za kuita kabla kisanduku hakijapokea. Inakubali 5, 10, 15, na kuendelea hivyo hadi 30. Kwa duka napendekeza 25, upate muda wa kufuta mikono na kufika kwenye droo. Ukiweka 10, hata wanaobip watapokelewa na kisanduku, na salio lao litakatwa bila wao kutaka. Hilo litawaudhi. Simu ikizimika chaji au ikikosa mtandao, inayohusika ni 62 badala ya 61, na haihitaji sekunde, yaani **62*NAMBA#. Ukiwa unaongea na mtu mwingine ni 67, nayo vivyo hivyo bila sekunde. Ukitaka kuondoa, piga:

```
##61#
```

Namba hizi ni za kawaida kwenye mitandao ya GSM, lakini ukiona jibu la kukataliwa, mwambie mhudumu wa 100 akuwekee.

Mwisho jaribu kwa simu nyingine, tena mpe mtu ambaye hajaona karatasi. Kujisikiliza kwenye simu yako hakutoshi, kwa kuwa mteja atasikia kilichopita kwenye laini. Piga mara tatu: simu ikiita bila kupokelewa, ikiwa inatumika, na ikiwa imezimwa. Tumempa mzee aliyekuja kununua mbolea. Amesikiliza, amesubiri mlio, akasema jina lake, kijiji chake, na "mifuko miwili ya kupandia". Ndivyo tulivyotaka.

Wanaobip bado watabaki kwenye orodha ya simu zisizopokelewa, hao wapigie kama ulivyozoea. Na saa za duka zikibadilika, mfano mwezi wa Ramadhani au msimu ukiisha, rudi stoo urekodi upya siku hiyo hiyo. Hapa sasa ni saa saba kasoro dakika tano. Mama ana ujumbe tatu kwenye kisanduku, na kalamu ameshaishika.