Kutoa CAGR ya mawese, dagaa na asali kwenye chati moja

Haya wadau karibuni tena, leo niko Kigoma hapa Mwanga dukani kwa shangazi. Amenipa daftari lake la mauzo ananiuliza, eti kati ya mawese, dagaa na asali kipi kinakua haraka? Me nikajua nitamjibu dakika mbili, kumbe bana inategemea unaanza kuhesabu mwaka gani.

Fungua Excel. Kolamu A andika miaka, 2018 mpaka 2024, ikae A2 hadi A8, alafu B mawese, C dagaa, D asali. Me naandika kwa milioni ili sifuri zisitusumbue. Mawese 2018 ni 24, 2021 ni 30, 2023 ni 38, 2024 ni 42. Dagaa ni 30, 36, 45, alafu 2024 ikashuka 33. Asali kaanza kuileta 2021 kutoka Tabora, 4 tu, na 2024 ikafika 9, sasa huko nyuma 2018 mpaka 2020 acha seli tupu kabisa. Miaka mingine jaza kama ilivyo kwenye daftari.

CAGR ni asilimia moja ambayo ungekua nayo kila mwaka bila kubadilika, ungetoka namba ya kwanza ukafika ya mwisho. Kwa mawese ni 42 gawa kwa 24, unatafuta kipeo cha moja ya sita, unatoa moja, unapata 9.8%. Kwanini sita wakati miaka iko saba? Kwasababu tunahesabu hatua, sio miaka, kutoka 2018 kwenda 2019 ni hatua moja. Ukiweka saba inakuja 8.3% na hamna kitu kitakachokushtua, ndo maana hili kosa linawapita wengi. Ukitaka kujihakiki chukua 24 zidisha kwa 1.098 mara sita, lazima urudi kwenye 42 hivi.

Sasa F na G weka mwaka wa kuanzia na wa kumalizia. Mstari wa 2 ni 2018 na 2024, wa 3 ni 2018 na 2023, wa 4 ni 2021 na 2024. H2 andika `=F2&"-"&G2` uvute chini, utaona kazi yake kwenye chati. Juu kwenye I1, J1, K1 andika majina ya bidhaa, alafu I2 bandika hii:

```
=IFERROR((SUMIFS(B$2:B$8,$A$2:$A$8,$G2)
/SUMIFS(B$2:B$8,$A$2:$A$8,$F2))^(1/($G2-$F2))-1,NA())
```

Vuta mpaka K4, uziweke kwenye asilimia. Angalia mabano ya `^(1/...)` usiyaguse, ukiyatoa mawese inakuambia imeshuka 70.8% wakati mwenyewe unaona imepanda. Asali kwenye mistari miwili ya juu itaandika #N/A, iache hivyo hivyo, 2018 haikuwepo.

Chagua H1 mpaka K4, Insert, Clustered Column. Usichague kuanzia F, Excel itadhani miaka nayo ni mauzo, utapata minguzo ya 2018 imefika juu darini na asilimia zako zote hazionekani.

Sasa tazama dagaa hapo. Ukiishia 2023 wanakua 8.4%, wanakaribia mawese ambayo ni 9.6%. Sogeza mwaka mmoja tu mpaka 2024, wanaporomoka mpaka 1.6%, na ukianzia 2021 ni hasi 2.9%, nguzo inaning'inia chini. Wateja hawajawakimbia dagaa, ni kwamba 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na shangazi miezi hiyo hakuwa na cha kuuza. CAGR inaangalia ncha mbili tu, katikati haioni, kwahiyo ncha moja ikiwa na mkosi bidhaa nzima inaonekana mbovu. Me hapo nimeweka maandishi madogo chini ya chati kuwa ziwa lilifungwa.

Na asali, 31%, shangazi karuka kwenye kiti anataka aache mawese. Nikamwambia shangazi subiri kwanza, asali kutoka 4 kwenda 9 imeongeza milioni 5, mawese miaka hiyo hiyo mitatu imekua 11.9% lakini imeongeza milioni 12. Kingine, 31% ya asali ilinganishe na nguzo za 2021-2024 tu, usiiweke karibu na 9.8% ya miaka sita.

Kama ile nguzo ya hasi imepita juu ya maandishi ya miaka, bonyeza mara mbili kwenye mstari wa chini, nenda Labels, alafu Label Position chagua Low. Yameshuka, yanasomeka.